UZI: Picha za familia za siri na bando dogo: nizikuzie kwenye tovuti au kwenye laptopu yangu?

Mwanamvua_K (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaofahamu mambo ya kukuza picha.

Nina picha 40 za marehemu baba na familia. Nyingi nimetumiwa na ndugu kwa WhatsApp, hivyo zimekuja ndogo: pikseli 1200 kwa 1600, kila moja kama KB 300. Nataka kumtengenezea mama albamu. Picha chache zitajaza ukurasa mzima wa A4, zilizobaki ni za ukubwa wa kawaida wa sentimita 10 kwa 15.

Tatizo ni kwamba si picha za kuonyesha kila mtu. Baadhi ni za baba akiwa wodini, ana mirija, na kuna za watoto wakiogeshwa. Nimeona tovuti nyingi zinazokuza picha mara nne bila malipo, unapakia picha tu kisha unapakua iliyokuzwa. Wengine wananiambia nisitume kitu, nipakue programu nifanyie nyumbani.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na Core i5 ya kizazi cha 8. Haina kadi ya grafiki ya peke yake. Intaneti ni bando la simu, na huwa linaisha kabla ya wakati.

Nifuate njia ipi? Na hiyo laptopu itaweza?

---

Juma_Nyaya

Dada, usijisumbue. Tumia tovuti. Angalia kama ina alama ya kufuli pale juu, maana yake mawasiliano yamefungwa na hakuna anayeweza kuiona picha njiani. Halafu ondoa taarifa za EXIF kwanza ili mahali picha ilipopigwa pasijulikane. Hapo usiri umekamilika.

Kuhusu bando, piga hesabu mwenyewe: picha 40 kwa KB 300 ni MB 12 tu. Hizo MB 12 hata hutazihisi. Kinachomaliza bando ni hizo programu za kompyuta. Nilifuata maelekezo ya programu moja ya kukuza picha, ikaanza kuvuta vitu hadi ikapita GB 2 kabla sijakuza hata picha moja. Nikaikatiza.

---

fundi_wa_nuru

Juma, hiyo MB 12 ni ya kupakia. Umesahau kurudi.

Ukikuza picha mara nne, upana unazidishwa kwa nne na urefu unazidishwa kwa nne, kwa hiyo pikseli zinaongezeka mara 16. Picha ya 1200 kwa 1600 inarudi ikiwa 4800 kwa 6400, karibu pikseli milioni 31. Tovuti nyingi zinatoa faili la PNG, na PNG haipunguzi uzito wa picha ya kamera kwa kiasi kikubwa. Picha ya ukubwa huo ikiwa PNG tegemea MB 40 hadi 50. Zidisha kwa picha 40, unafika karibu GB 1.8. Tovuti ikikupa JPEG unashuka hadi labda MB 6 au 8 kwa picha, yaani kama MB 300 kwa kazi yote. Na hapo hujarudia hata picha moja kwa sababu uso umetoka vibaya, na kurudia ni lazima. Kurasa nyingi pia hukuonyesha picha ya kabla na ya baada zikiwa kubwa kabla hujabonyeza kupakua, na huo nao ni mzigo.

Kwa hiyo kwenye kazi ya kukuza picha bando linaliwa wakati wa kurudi. Ni kinyume na kazi nyingine nyingi za wingu, yaani zinazofanyika kwenye seva za mtandaoni, ambako unatuma kikubwa na kupokea kidogo, ndiyo maana watu wengi hawalitarajii.

Zile GB 2 ulizoziona ni za kweli, lakini hazikuwa programu ya kukuza picha. Nadhani ulifuata maelekezo ya toleo la Python, ambalo linavuta PyTorch pamoja na maktaba za CUDA za kadi za NVIDIA. Modeli yenyewe, yaani faili la akili bandia linalofanya kazi ya kukuza, ni ndogo. Ile ya Real-ESRGAN, programu ya bure ya kukuza picha, kwa picha za kawaida ina vigezo kama milioni 17, na faili lake katika toleo jepesi la ncnn ni kama MB 33. Toleo hilo linaitwa realesrgan-ncnn-vulkan. Linakuja kama zipu moja isiyofika MB 60, modeli zikiwa ndani, halihitaji Python wala CUDA. Unafungua zipu, unaendesha. Unapakua mara moja tu, na baada ya hapo unaweza kukuza picha elfu bila kugusa bando.

Mwanamvua, Core i5 ya kizazi cha 8 ina grafiki ya ndani ya Intel ambayo inaielewa Vulkan, njia ambayo toleo hilo hutumia kuiendesha grafiki, kwa hiyo itafanya kazi. Itakwenda polepole, hilo nitalirudia.

Sasa suala la kufuli. Kufuli linalinda picha ikiwa njiani. Ikifika, seva inaifungua, kwa sababu haiwezi kukuza pikseli isizoziona. Kuanzia hapo usiri unategemea mwenye seva: anaihifadhi kwa muda gani, nakala rudufu zake zinakaa wapi, masharti yake yanamruhusu kutumia picha kuboresha huduma au la. Kuondoa EXIF ni vizuri, kunaondoa mahali na muda na aina ya simu. Lakini siri ya Mwanamvua haiko kwenye EXIF, iko kwenye sura ya baba yake akiwa kitandani.

---

Juma_Nyaya

Kwenye hesabu ya kurudi nakubali, sikuiwaza. Lakini tovuti nyingi zimeandika wazi kwamba picha zinafutwa baada ya saa kadhaa. Kwani wanaandika uongo?

---

fundi_wa_nuru

Sisemi ni waongo. Nasema huna namna ya kuhakiki. Hebu fanya jaribio hili kwa picha isiyo na siri: ikuze kwenye tovuti, kisha nakili anwani ya picha iliyokuzwa, si ya ukurasa. Ifungue kwenye kivinjari kingine ambacho hujaingia kwa akaunti yako. Ikifunguka, maana yake ulinzi pekee wa picha hiyo ni urefu wa anwani yake, na yeyote aliyeipata anwani anaiona. Rudi baada ya muda waliouahidi ujaribu tena. Ikiwa bado inafunguka umepata jibu. Ikiwa haifunguki, umejua tu kwamba mlango ule umefungwa. Nakala zilizo nyuma ya mlango huzioni.

Kwa picha ya mlima au ya bidhaa hiyo si shida hata kidogo. Kwa mtoto anayeogeshwa mimi sitaki kutegemea ahadi.

---

Studio_Mwangaza

Naomba nichangie kutoka upande wa wanaoishi kwa kazi hii. Mimi ni mpiga picha na huduma ya wingu naitumia karibu kila juma. Mteja akileta picha 300 za sherehe na anazitaka kesho, siwezi kungoja mashine yangu isage usiku kucha. Seva zao zina kadi kubwa, picha inakamilika kwa sekunde chache. Nina mkataba wa kulipia, si ile huduma ya bure, na kwenye fomu yangu mteja anasaini kwamba kazi inaweza kuchakatwa nje ya studio. Asiyekubali, namfanyia ndani.

Nataka pia watu waelewe kwamba mstari kati ya programu ya ndani na wingu hauko wazi kama mnavyousema. Super Resolution ya Adobe, iliyotoka 2021 na inayofunguka kupitia Photoshop, inafanya kazi kwenye mashine yako mwenyewe na inaongeza upana na urefu mara mbili. Lakini ndani ya Photoshop hiyohiyo kuna vitufe vya kubuni sehemu za picha ambavyo vinatuma kazi kwenye seva. Programu moja, kitufe hiki kinabaki ndani, cha jirani yake kinatoka nje. Kwa hiyo mtu asiseme "nimetumia programu ya kompyuta" akadhani amemaliza.

---

fundi_wa_nuru

Mkuu Studio, hapo kwenye vitufe umenena. Kipimo chake ni rahisi: zima intaneti kabisa, kisha fanya kazi kwa picha mpya ambayo programu haijawahi kuiona. Ikikamilika, imefanyika ndani.

Ila kipimo hicho kinathibitisha upande mmoja tu. Ikikataa bila mtandao haimaanishi kwamba inatuma picha. Kuna programu zinazokagua leseni mtandaoni kila zinapowaka, na nyingine zinapakua modeli mara ya kwanza unapobonyeza kitufe fulani. Modeli ya kurekebisha nyuso ya GFPGAN, kwa mfano, ina uzito wa karibu MB 350, na programu nyingi hazikuambii zinapoivuta.

---

Bi_Salma_Tena

Asanteni kwa uzi huu. Mimi nina cheti changu cha zamani, nilikipiga picha kwa simu miaka mingi iliyopita na chenyewe kimepotea. Namba ya cheti haisomeki vizuri, tarakimu mbili za mwisho zimefifia. Nikikuza kwa hiyo programu ya ndani namba itasomeka? Sitaki kukiweka kwenye tovuti kwa sababu kina jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

---

fundi_wa_nuru

Dada Salma, kutokukiweka kwenye tovuti umefanya vizuri, lakini usikikuze kwa modeli hizi hata ndani.

Modeli haichimbui kilichofichika kwenye picha. Imefundishwa kwa picha nyingi mno, na ikiona ukungu inajaza kile ambacho kwa kawaida huwa mahali kama hapo. Kwenye majani au ukuta hakuna hasara, jani lolote linafaa. Kwenye tarakimu iliyofifia itakuchorea 8 safi kabisa mahali palipokuwa na 3, na kwa sababu ni safi utaiamini. Ukiipeleka ofisini namba isiyo yako utakuwa umejiongezea tatizo.

Fungua picha yako kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ongeza tofauti ya mwanga na giza, kisha ikuze kwa njia ya kawaida ya hesabu, NoHalo au Cubic. Njia hizo hazibuni umbo. Tarakimu isiyosomeka itabaki haisomeki, na hapo utajua kweli haipo. Aliyekitoa cheti ndiye mwenye daftari, anza kwake.

---

Bi_Salma_Tena

Nimeelewa. Nilidhani inasafisha. Nitaongeza huo mwanga kwanza nione.

---

Mwanamvua_K

Asanteni nyote. Nimepakua hiyo zipu ya ncnn na kweli haikufika MB 60. Nimeifungua ila sioni dirisha lolote, ni faili tu. Naendeshaje? Na je, ninakuza zote 40?

---

fundi_wa_nuru

Haina dirisha, inaendeshwa kwa amri. Ukitaka yenye vitufe kuna Upscayl ya kompyuta. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ndani yake inatumia ncnn na Vulkan hivyohivyo, ila kupakua kwake ni kuzito zaidi. Ukienda huko hakikisha unachukua programu ya kusakinisha, kwa kuwa ipo pia huduma ya wingu yenye jina hilo. Kwa bando lako mimi ningebaki na zipu uliyonayo.

Kabla ya amri, tupunguze kazi. Usikuze zote.

Karatasi ya 10 kwa 15 upande mrefu ni sentimita 15. Picha yako ina pikseli 1600 upande huo. Ukigawa unapata kama pikseli 270 kwa kila inchi, na wachapaji huomba 300. Tofauti hiyo macho hayaioni. Picha zote za ukubwa huo zichapishe kama zilivyo.

Za A4 ni tofauti. Upande mrefu ni sentimita 29.7, na pikseli 1600 zikitandazwa hapo zinabaki kama 137 kwa inchi. Hapo ulaini wa picha utaonekana ukiishika mkononi. Hizo ndizo za kukuza. A4 kamili kwa 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani unahitaji mara mbili na ushee. Mara nne inazidi mahitaji yako.

Na kabla hata ya hapo, rudi kwa ndugu waliokutumia hizo za A4 tu. Waambie wazitume tena kwa WhatsApp kama hati, si kama picha. Zikitumwa kama hati hazipunguzwi. Mmoja akiwa bado na picha halisi ya kamera, MB 3 tu zinakuja na unapata undani wa kweli ambao hakuna modeli itakayokupa.

Kwa zile zisizopatikana, tengeneza folda mbili ndani ya hiyo uliyofungua, `ndani` na `nje`. Weka picha kwenye `ndani`, fungua dirisha la amri papo hapo, andika:

```
realesrgan-ncnn-vulkan.exe -i ndani -o nje -n realesrgan-x4plus -f jpg -t 128
```

Hiyo `-f jpg` inakuokoa na mafaili ya PNG ya MB 45. Na `-t 128` inaiambia igawe picha vipande vidogo ili kumbukumbu isijae. Modeli hii imefundishwa kwa mara nne, kwa hiyo iache ikuze mara nne, kisha punguza mwenyewe hadi upande mrefu uwe 3508. Faili litashuka hadi MB chache.

Jambo moja la kuangalia: folda hizo usiziweke kwenye Desktop wala Pictures ikiwa kompyuta yako inazihifadhi kwenye wingu yenyewe. Kompyuta nyingi za Windows huja na mpangilio huo umewashwa. Utakuza picha ndani kwa usiri wote, kisha mashine izipakie juu kimyakimya, na bando liishe kwa kupakia. Weka folda moja kwa moja kwenye `C:\picha` au kwenye flashi.

---

Juma_Nyaya

Hili la folda kupakiwa zenyewe watu hawalijui kabisa. Nimeenda kuangalia yangu na nimekuta Pictures yote inapanda. Na mtu anayeazima kompyuta je? Jirani ana mashine ya michezo yenye kadi kubwa. Si afadhali Mwanamvua akafanyie kule, ni dakika chache tu?

---

Studio_Mwangaza

Juma, hapo umemtoa kwenye seva ya mgeni ukampeleka kwenye kompyuta ya mgeni. Picha zinabaki kwenye diski yake, kwenye orodha ya mafaili ya karibuni, kwenye vijipicha ambavyo Windows inavitengeneza kwa kila folda iliyofunguliwa. Ukifuta zinaenda kwenye kapu. Kama ni lazima, endesha kila kitu kutoka kwenye flashi, picha zisinakiliwe kwenye diski yake, na ukae naye mpaka mwisho. Binafsi naona kampuni yenye mkataba ni salama kuliko jirani mdadisi.

---

Mwanamvua_K

Nimeendesha. Kwanza imeandika hivi:

```
vkQueueSubmit failed -4
```

Picha iliyotoka ina sehemu nyeusi chini. Feni inalia sana. Nimeharibu laptopu?

---

fundi_wa_nuru

Hujaharibu kitu. Hiyo -4 maana yake mfumo umeona grafiki imekaa kimya muda mrefu ikifanya kazi nzito, ukadhani imekwama, ukaiwasha upya. Grafiki ndogo za ndani hupatwa na hili mara nyingi. Dawa ni kuipa vipande vidogo zaidi: badilisha `-t 128` iwe `-t 64`, ikirudia weka `-t 32`, hapo ndipo mwisho. Ungeona `vkAllocateMemory failed -2`, hiyo ni kumbukumbu kujaa, na dawa ni hiyohiyo pamoja na kufunga kivinjari. Mwingine akiona `invalid gpu device` ajue mashine yake haijaona Vulkan. Asasishe draiva kwanza, na kama grafiki ni ya kabla ya Intel kizazi cha 6 kwenye Windows, asahau njia hii.

Kuhusu muda, kwa grafiki yako picha ya 1200 kwa 1600 inaweza kuchukua dakika 10 au zaidi. Usijaribu picha nzima kila mara. Kata kipande cha uso tu, kama pikseli 300 kwa 400, ukikuze. Hiyo ni sehemu ya 16 ya picha nzima, itaisha kwa dakika moja hivi. Ukiridhika na uso, weka picha zote za A4 kwenye folda, chomeka chaja, weka laptopu mahali pagumu penye hewa, uiache usiku.

Na mtu anayelazimika kutumia wingu kwa picha zisizo na siri, afanye hivyohivyo: ajaribu kipande kwanza, achague mara mbili badala ya mara nne kama tovuti inaruhusu, na achague JPEG. Kutoka mara nne kwenda mara mbili peke yake kunapunguza pikseli za kurudi hadi robo.

---

Mwanamvua_K

`-t 64` imekubali. Uso wa baba kwenye kipande umetoka safi, vile vijimraba vya WhatsApp vimeondoka. Lakini ngozi imekuwa laini kupita kiasi, kama ya mdoli. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, sasa halionekani. Rafiki kaniambia nitumie ile ya kurekebisha nyuso.

---

fundi_wa_nuru

Pole, na umefanya vema kulitazama kovu. Kilichotokea ni kwamba modeli ilifundishwa kuondoa takataka za JPEG, na kovu dogo lililozungukwa na vijimraba linafanana na takataka.

Ya kurekebisha nyuso usiitumie hapa. GFPGAN na CodeFormer zinajenga uso upya kwa kufuata nyuso zilizofundishiwa. GFPGAN ilifundishwa kwa mkusanyiko wa FFHQ, nyuso 70,000 zilizotolewa Flickr. Macho yatang'aa na meno yatapangika, lakini yatakuwa macho ya mtu wa wastani. Mwaka 2020 programu ya utafiti iliyoitwa PULSE ilipewa picha ndogo yenye ukungu ya Barack Obama, ikatoa uso wa mzungu. Hizi za sasa haziendi mbali kiasi hicho picha ikiwa nzuri kidogo, lakini uso ukiwa mdogo na wenye ukungu mwelekeo ni uleule. Mama yako atajua kwamba si baba, hata akishindwa kusema kwa nini.

Fanya hivi. Kuza picha halisi kwa njia ya kawaida kwenye GIMP hadi ukubwa uleule wa ile iliyotoka kwenye modeli. Weka ya modeli juu, ya kawaida chini, kama tabaka mbili. Punguza Opacity ya tabaka la juu, yaani kiwango chake cha kuonekana, hadi 50 au 60 kwa mia. Kisha pale kwenye kovu futa tabaka la juu kabisa kwa brashi laini. Ngozi itarudisha uhai wake, na nguo na mandhari bado vitakuwa vikali kuliko vya picha iliyokuzwa kwa njia ya kawaida.

Pia ukiona picha imetoka imelala upande, ni kwa sababu simu huandika mwelekeo ndani ya EXIF na programu hii haiusomi. Izungushe mwenyewe kabla ya kukuza. Tarehe ya kupigwa nayo haivuki kwenda kwenye picha mpya, kwa hiyo tunza zile za asili na usizifute.

---

Studio_Mwangaza

Hiyo ya tabaka mbili naifanya hata kwa picha zinazorudi kutoka wingu. Mimi huwa naanzia 40, siyo 60. Kwa wazee wenye mikunjo 60 ni nyingi, wanatoka vijana.

Ila fundi, bado sijakubaliana nawe kuhusu wingu la kulipia. Mkataba unaompa mteja haki ya kudai ufutaji ni tofauti na tovuti ya bure isiyo na jina la mwenyewe. Unaziweka kapu moja.

---

fundi_wa_nuru

Ni tofauti, nakubali. Mkataba unakupa wa kumdai picha ikivuja. Haukupi njia ya kuirudisha. Kwa sherehe yenye wageni mia tano mimi pia ningetuma. Kwa wodi, hapana. Hapo nadhani tutabaki kila mtu na lake.

---

Chausiku_B

Samahani kuingilia. Mimi sina laptopu, nina simu tu. Kuna apu inasema inakuza picha "ndani ya simu". Nilizima mtandao kama mlivyosema ikakataa kufunguka kabisa. Nitajuaje kama inatuma picha au inataka tu kuonyesha matangazo?

---

fundi_wa_nuru

Chausiku, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, tafuta apu hiyo uandike imetumia kiasi gani. Washa mtandao, chukua picha kubwa isiyo na siri, yenye MB 5 au zaidi, uikuze. Rudi uangalie. Rudia na picha nyingine kama hiyo. Ikiwa kila picha inapandisha matumizi kwa MB nyingi zinazokaribia uzito wa picha au kuuzidi, picha inasafiri. Ikipanda KB mia kadhaa, yaelekea ni matangazo na leseni. Kuna apu zinazopunguza picha kabla ya kuituma, kwa hiyo namba ndogo haikupi uhakika, ila namba kubwa inayojirudia inakupa.

Nyingine unayoweza kufanya ni kuifungua apu ukiwa na mtandao, ikishamaliza kuwaka uweke simu kwenye hali ya ndege, ndipo uchague picha na ubonyeze kukuza. Apu zinazokagua leseni mwanzoni tu zitaendelea na kazi. Yako ikikwama hapo pia, usiipe picha ambayo hungependa itoke.

---

Chausiku_B

Nimejaribu ya pili. Imefunguka, nimechagua picha, nimeweka hali ya ndege, nimebonyeza. Imezunguka kisha ikaandika "hakuna mtandao". Naiondoa. Mwenye kujua apu ya simu iliyopita kipimo hiki aiweke hapa.